Yoyo Inayoshuka Kwenye Uzi Wake: Kutafuta Mchapuko na Mkazo

Swali. Yoyo yenye tungamo m = gramu 60 imeundwa kwa visahani viwili vyenye nusukipenyo R = sentimita 3, vilivyounganishwa kwa kijiti chembamba chenye nusukipenyo r = sentimita 0.5, ambacho tungamo lake ni dogo kiasi cha kupuuzwa. Uzi umezungushwa kwenye kijiti, na ncha yake ya juu imeshikwa isisogee. Yoyo inaachiliwa kutoka katika utulivu. Tafuta mchapuko wake a na mkazo wa uzi T, ukichukua g = 9.8 m/s².

Ufumbuzi. Kani zinazotenda juu ya yoyo ni mbili tu: uzito mg unaovuta chini kupitia kitovu cha tungamo, na mkazo T unaovuta juu pale uzi unapoachana na kijiti. Tukichukua chini kuwa chanya, mlinganyo wa kani ni:

mg − T = ma

Mlinganyo huu una vitu viwili visivyojulikana, kwa hiyo peke yake hautoshi. Hapa wanafunzi wengi hushawishika kuandika T = mg, jambo lisilowezekana, kwa sababu kani hizo zikilingana yoyo haiwezi kuchapuka. Mlinganyo wa pili unatokana na mzunguko. Kuhusu kitovu, uzito hauna mkono wa kuzungushia, hivyo momenti yote ya kani inatoka kwenye uzi, na mkono wake ni r, wala si R:

Tr = Iα

Hapa I ni momenti ya inesha ya yoyo, yaani kipimo cha ugumu wa kuizungusha, na α ni mchapuko wa mzunguko wake. Kwa kuwa uzi hautelezi, a = rα, na hivyo T = Ia/r². Tukiiweka katika mlinganyo wa kwanza tunapata:

a = g / (1 + I/mr²)

Kwa visahani, I = ½mR², kwa hiyo I/mr² = R²/2r² = 36/2 = 18. Basi:

a = 9.8/19 ≈ 0.52 m/s²

T = m(g − a) = 0.060 × 9.28 ≈ 0.56 N

Uzito ni 0.59 N, kwa hiyo uzi unabeba sehemu 18 kati ya 19 za uzito huo, na sehemu moja tu iliyobaki ndiyo inayoichapusha yoyo kwenda chini. Inafaa kutazama kwamba m haimo katika jibu la a: kinachoamua ni uwiano wa R na r, ndiyo maana kijiti kikiwa chembamba zaidi yoyo hushuka polepole zaidi.

Tuhakikishe kwa nishati. Baada ya kushuka mita 0.80, v² = 2 × 0.5158 × 0.80 ≈ 0.825 m²/s², hivyo nishati ya mwendo wa kushuka ni jouli 0.025, na ya mzunguko, ambayo ni mara 18 ya hiyo, ni jouli 0.446. Jumla yake, jouli 0.47, ni sawa na mgh.