Singo kavu ya Unguja, gramu 150 – shilingi 12,000

Singo hii ni ya kusugulia mwili. Tunaisaga nyumbani, fungu dogo dogo. Pakiti hii ni ya fungu la Juni 2025.

Ndani yake mna liwa ya unga, ambayo ndiyo nyingi kuliko vyote, kisha waridi, asumini, mlangilangi, mrehani, mpachori na karafuu kidogo. Maua yanaanikwa kivulini mpaka yavunjike yakifinywa. Yakisagwa na unyevu, singo huvunda. Hatutii manjano, rangi, manukato ya chupa wala dawa ya kung'arisha ngozi.

Kwa desturi ya pwani, singo ni ya bibi harusi. Somo wake humsugua siku kadhaa kabla ya ndoa, kisha humfukiza udi. Wenye ndoa zao nao huitumia, na siku hizi wapo wanaojisugulia mwisho wa wiki tu, bila shughuli yoyote. Chota vijiko viwili vya chakula, tia marashi ya waridi kidogo kidogo mpaka iwe rojo zito. Paka kwenye ngozi yenye majimaji, iache ianze kukauka, halafu sugua taratibu kwa kiganja: itadondoka makombo makombo, kwa hiyo tandika kanga kuukuu. Oga kwa maji ya uvuguvugu. Kama kuna hina au piko, singo itangulie, maana ikija baadaye itafifisha rangi.

Utabaki na ngozi laini na harufu nzuri. Si dawa. Haitibu chunusi, fangasi wala ugonjwa mwingine, na weupe hatukuahidi.

Tahadhari: kitu cha asili nacho hudhuru. Karafuu huwasha, na maua haya huwapa baadhi ya watu mzio. Kwanza paka kidogo upande wa ndani wa mkono, osha baada ya dakika kumi, usubiri saa 24. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, usiitumie. Usipake usoni, sehemu za siri, kwenye kidonda wala ngozi iliyonyolewa au kutolewa nywele siku hiyo. Hapa ndipo mabibi harusi wengi huungua, kwa kutaka yote yaishe siku moja. Ikiingia machoni, suuza kwa maji mengi safi. Watoto wadogo wasipakwe. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye pumu inayochochewa na harufu, mwenye ukurutu au anayetumia dawa ya ngozi amuulize kwanza daktari au mfamasia. Ukivimba uso au ukapumua kwa shida, oga uitoe yote na uende hospitali mara moja.

Hifadhi pakavu, mbali na watoto, utumie kabla ya Desemba 2025. Iliyochanganywa na marashi haiwekwi: ikibaki, mwaga.