Maombi ya Barua za Usimamizi wa Mirathi ya Marehemu Yusufu Hamisi Kalumbeta

KATIKA MAHAKAMA YA MWANZO UJIJI
WILAYA YA KIGOMA

KATIKA SHAURI LA MIRATHI YA MAREHEMU YUSUFU HAMISI KALUMBETA, ALIYEFARIKI BILA KUACHA WASIA

NA KATIKA MAOMBI YA MWAJUMA YUSUFU HAMISI, MTOTO WA MAREHEMU

Maombi haya yanaletwa chini ya Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, na Kanuni za Usimamizi wa Mirathi katika Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971. Yanaambatana na Fomu Na. I iliyojazwa na kutiwa saini.

Mheshimiwa Hakimu,

1. Mimi ni Mwajuma Yusufu Hamisi, mwanamke mtu mzima wa miaka 34, Mwislamu, mshonaji, mkazi wa Kata ya Kipampa, Ujiji. Ni mtoto wa kwanza wa marehemu.

2. Baba yangu, Yusufu Hamisi Kalumbeta, alifariki tarehe 11 Januari 2025 katika Hospitali ya Maweni akiwa na miaka 61, akazikwa Ujiji siku iliyofuata. Cheti cha kifo kilichotolewa na RITA ni kiambatanisho A. Hadi anafariki alikuwa na makazi ya kudumu Kata ya Kitongoni, ndani ya eneo la Mahakama hii.

3. Hakuacha wasia wa maandishi. Kuhusu wasia wa mdomo, baba aliugua siku tisa, na muda wote huo mimi na mama mdogo Zaituni tulipokezana kitandani kwake. Hatukumsikia akigawa chochote wala kumtaja msimamizi. Alichosema, na alikirudia, ni kwamba watoto wadogo wasitolewe shuleni. Siuiti huo wasia, bali nauweka hapa kwa sababu ni maneno yake.

4. Warithi walio hai ni hawa: mama mzazi wa marehemu, Bi. Tatu Seif, miaka 81; mjane, Bi. Zaituni Rashidi, aliyefunga ndoa ya Kiislamu na marehemu mwaka 2006 (cheti cha ndoa, kiambatanisho B). Na watoto watano. Mimi na mdogo wangu Hamisi Yusufu, miaka 30, mama yetu ni Bi. Asha Mrisho. Rukia, miaka 16, Idrisa, miaka 12, na Saada, miaka 9, mama yao ni Bi. Zaituni. Vyeti vya kuzaliwa vya wote watano ni kiambatanisho C.

5. Mama yangu mzazi, Bi. Asha, alipewa talaka mwaka 2003 na eda yake iliisha mwaka huo huo. Yeye mwenyewe ameniambia niandike wazi kwamba hadai urithi, na hivyo ndivyo ilivyo kisheria. Hati ya talaka ni kiambatanisho D.

6. Mali ninazozifahamu ni hizi:

Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, Kata ya Kitongoni, katika kiwanja kisichopimwa kilichonunuliwa mwaka 2004. Mkataba wa mauziano, wenye saini ya mwenyekiti wa mtaa wa wakati huo, ni kiambatanisho E. Vyumba viwili vina wapangaji wanaolipa Sh. 40,000 kwa mwezi kila kimoja.

Boti moja ya mbao ya kuvulia dagaa, pamoja na injini ya Yamaha ya 40, wavu, betri na taa za sola. Huegeshwa mwalo wa Kibirizi.

Shamba la michikichi, Kijiji cha Simbo, sehemu ya ekari mbili na nusu ambayo marehemu aliinunua.

Fedha katika akaunti ya akiba NMB, Tawi la Kigoma. Salio silijui, kwa kuwa benki haiwezi kunipa taarifa kabla sijaonyesha barua za usimamizi.

7. Madeni ninayoyajua ni Sh. 1,800,000 anazodai muuza nyavu wa Kibirizi, kwa daftari lenye saini ya baba, na Sh. 500,000, mahari ya Bi. Zaituni iliyobaki bila kulipwa tangu siku ya ndoa. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye cheti cha ndoa. Deni la mahari ni deni kama mengine na hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Naliandika kwa mkazo kwa sababu kwenye vikao vya ukoo limekuwa likipuuzwa, kana kwamba mwanamke akishafiwa na mumewe deni lake nalo limezikwa.

8. Sasa naeleza mgogoro. Tarehe 20 Januari 2025, siku tisa tu baada ya msiba, baba mdogo, Mzee Shabani Hamisi Kalumbeta, aliitisha kikao nyumbani kwake. Bi. Zaituni, aliyekuwa eda, hakuitwa wala hakuulizwa kwa mjumbe. Bibi hakuitwa. Mimi nilipata habari jioni. Watu sita waliohudhuria walimteua baba mdogo kuwa msimamizi, na Hamisi, mdogo wangu, alitia saini muhtasari huo. Tangu siku hiyo funguo za injini na daftari la boti viko kwa baba mdogo. Boti imekuwa ikitoka kila giza, na mapato ya nahodha na mabaharia yanagawanywa mwaloni kama kawaida, lakini fungu la mwenye boti halijafika kwa mjane wala kwa watoto. Ada ya Rukia ya muhula huu nimeilipa mimi kwa cherehani.

9. Baada ya arobaini, tarehe 23 Februari 2025, kikao cha pili kilifanyika nyumbani kwa marehemu mbele ya mwenyekiti wa mtaa na imamu wa msikiti wetu. Walihudhuria watu kumi na mmoja, akiwemo bibi. Bi. Zaituni alisikiliza akiwa chumbani na kutoa maneno yake kupitia kwa dada yake. Baba mdogo aliitwa kwa barua, akaja, akakaa kama nusu saa, akaondoka. Kikao kilinipendekeza mimi. Muhtasari ni kiambatanisho F. Najua kwamba muhtasari wa ukoo haumfungi Mheshimiwa Hakimu. Nauleta ili Mahakama ione nani alikuwepo na nani alikosekana katika kila kikao.

10. Hoja za baba mdogo, kwa kadiri alivyozitoa mbele yetu, ni tatu. Nazijibu kwa heshima yote, kwani ndiye aliyenishika mkono nikipelekwa darasa la kwanza, na sitaki ugomvi huu umfikie kama tusi.

Ya kwanza, kwamba mirathi ifuate mila za Kiha, ambapo mali ya mwanamume hurudi kwa ndugu zake wa kiume na mjane hutunzwa na watoto. Baba aliishi na kufa Mwislamu. Alioa kwa ndoa ya Kiislamu, akaacha kwa talaka ya Kiislamu, akasomesha watoto wake wote madrasa. Mali ya babu yetu, Mzee Hamisi, ilipogawanywa mwaka 1998, iligawanywa kwa hesabu ya faraidhi, na baba mdogo mwenyewe alipokea fungu lake kwa hesabu hiyo. Naomba Mahakama iamue kwamba sheria inayohusika hapa ni sheria ya Kiislamu. Chini ya sheria hiyo, ndugu wa marehemu huzuiwa na mtoto wa kiume. Baba ameacha watoto wa kiume wawili. Baada ya gharama za mazishi na madeni, mama wa marehemu anapata sehemu moja ya sita, mjane moja ya nane, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Mali ikipigwa mafungu 168, bibi ana 28, Bi. Zaituni 21, Hamisi na Idrisa 34 kila mmoja, na mimi, Rukia na Saada 17 kila mmoja. Baba mdogo hayumo katika hesabu hiyo, na si mimi niliyemtoa.

Ya pili, kwamba nyumba na shamba ni vya ukoo. Kwa nyumba nakataa, na mkataba wa mwaka 2004 unajieleza. Kwa shamba la Simbo, baba mdogo ana haki kwa sehemu. Shamba lote ni ekari nne. Ekari moja na nusu upande wa mto ilitoka kwa babu na ilibaki bila kugawanywa kati ya ndugu wawili, kwa hiyo sikuiorodhesha kama mali kamili ya marehemu. Naomba Mahakama iisikilize peke yake. Michikichi ya upande huo baba mdogo aliipanda kwa mikono yake na hakuna anayembishia.

Ya tatu, kwamba mwanamke hawezi kusimamia mirathi wakati kuna mtoto wa kiume. Hoja hii anayo pia Hamisi. Hamisi ni ndugu yangu wa tumbo moja na nampenda. Yeye yuko Mpanda kwa kazi ya bodaboda na huja Ujiji mara mbili kwa mwaka. Jedwali la Tano linasema Mahakama inaweza kumteua mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi. Halikuandika mwanamume.

11. Kuna jambo moja kuhusu nyumba ambalo wote wanalijua na hakuna anayelitaja. Vyumba vitatu vya nyuma vilijengwa kati ya mwaka 2011 na 2014 kwa fedha za Bi. Zaituni, za kukamua na kuuza mawese. Risiti za mabati na saruji anazo kwa jina lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali. Naomba kabla ya kugawa, Mahakama ipime kilicho chake, kisha ndipo moja ya nane ihesabiwe katika kilicho cha marehemu. Najua jambo hili linapunguza fungu langu mwenyewe.

12. Kwa hiyo naomba Mahakama yako tukufu:

(a) itoe tangazo la maombi haya, libandikwe mahakamani, ofisi ya mtaa Kitongoni na mwalo wa Kibirizi, ili mwenye pingamizi au deni ajitokeze;

(b) initeue kuwa msimamizi wa mirathi na kunipa barua za usimamizi;

(c) wakati shauri likisikilizwa, iamuru fungu la mwenye boti na kodi ya vyumba viwekwe mahakamani au mahali Mahakama itakapoelekeza, na boti isiuzwe;

(d) iamuru nipewe daftari la boti, na taarifa ya akaunti ya benki;

(e) ipange ushahidi wa Bi. Zaituni baada ya eda yake ya miezi minne na siku kumi kuisha;

(f) kama itaona kwamba uteuzi wangu utazidisha mfarakano, imteue Hamisi tushirikiane, au imteue mtu mwingine mwadilifu asiye na upande. Nitamkabidhi kila karatasi niliyonayo siku hiyo hiyo.

13. Nikiteuliwa, nitaleta orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni kwa Fomu Na. V ndani ya miezi minne, na hesabu za mirathi kwa Fomu Na. VI kila Mahakama itakapoagiza. Niko tayari kutia saini dhamana. Wadhamini wangu wawili, wakazi wa Kipampa na Kitongoni, watafika na vitambulisho vyao siku nitakayoitwa.

UTHIBITISHO

Mimi, Mwajuma Yusufu Hamisi, nathibitisha kwamba niliyoyaeleza katika aya ya 1 hadi ya 7 na ya 9 nayajua mwenyewe. Ya kikao cha tarehe 20 Januari katika aya ya 8 nimeelezwa na Hamisi Yusufu, na mengine ya aya hiyo nimeyaona. Ya gharama za ujenzi katika aya ya 11 nimeelezwa na Bi. Zaituni Rashidi na nimeziona risiti. Yote naamini ni kweli.

Imetiwa saini Ujiji, leo Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2025.

Mwajuma Yusufu Hamisi
Mwombaji

Nakala wapewe: Mzee Shabani Hamisi Kalumbeta, Ujiji, Hamisi Yusufu, Mpanda, Bi. Tatu Seif na Bi. Zaituni Rashidi, Kitongoni.