TAARIFA YA TUKIO: KUKATIKA KWA OKSIJENI WAKATI WA UPASUAJI

Kwa: Mganga Mfawidhi wa Hospitali
Kutoka: Mtoa huduma ya usingizi wa zamu
Mahali: Chumba cha upasuaji, hospitali yetu, mkoani Dodoma
Tukio: Jumanne, 14 Mei 2024, saa 5:42 asubuhi
Taarifa imeandikwa: Jumatano, 15 Mei 2024

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 41, mwenye uzito wa kilo 60, aliyefikishwa alfajiri akiwa na utumbo uliojisokota. Alipewa usingizi kamili saa 4:50, akawekewa mpira wa kupumulia, na upasuaji ukaanza saa 5:05. Hadi saa 5:40 oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 98 na mapigo ya moyo 92 kwa dakika.

Saa 5:42 mashine ya usingizi ilipiga mluzi wa kushuka kwa shinikizo la oksijeni, na papo hapo mfuko niliokuwa nikimpumulishia mgonjwa ukalegea mikononi mwangu kwa kukosa hewa ya kuujaza. Niliangalia geji ya bomba la ukutani, nikaona sindano imelala kwenye sifuri. Nilimwambia daktari mpasuaji kwa sauti kwamba oksijeni imekatika. Akafunika utumbo kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi ya vuguvugu na kusimamisha kazi.

Nilifungua mtungi wa akiba uliofungwa kwenye mashine, lakini geji yake haikupanda hata kidogo, kwa kuwa mtungi ulikuwa mtupu. Nilichomoa mpira wa mgonjwa kwenye mashine, nikaunganisha ambu na kuanza kumpumulisha kwa hewa ya kawaida ya chumbani. Kwa kuwa dawa ya usingizi ya kuvuta haikuweza tena kumfikia, nilimwagiza muuguzi msaidizi amchome ketamini miligramu 50 kwenye mshipa ili asizinduke tumbo likiwa wazi. Oksijeni ya damu ilishuka hadi asilimia 87, ikakaa chini ya 90 kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha ikapanda hadi 93 kwa ambu peke yake. Mapigo yalifika 118. Shinikizo la damu halikushuka.

Muuguzi alileta mtungi mdogo kutoka chumba cha uangalizi, lakini spana ya kuufungulia haikuwa kwenye mnyororo wake pembeni mwa mashine. Ilipatikana ndani ya droo ya nyuzi, baada ya dakika ambazo kwangu zilikuwa ndefu mno. Saa 5:49 mtungi ulifunguliwa, geji ikasoma 55, wakati mtungi uliojaa husoma 137. Mtungi wa aina hiyo ukijaa hubeba takriban lita 680, hivyo nilikadiria kuwa zimebaki lita 270, zinazotosha dakika 90 kwa lita 3 kwa dakika. Nilimweleza daktari hesabu hiyo, naye akaamua kumalizia. Tumbo lilifungwa saa 6:35.

Mpira ulitolewa saa 6:50 mgonjwa akipumua mwenyewe. Saa 7:30 alitaja jina lake, kijiji chake na siku ya wiki bila kukosea. Leo asubuhi oksijeni yake ni asilimia 97 bila msaada, anazungumza na kusogeza viungo vyote, na hajaonyesha dalili ya kudhurika ubongo; ataendelea kuangaliwa wodini. Mke na kaka yake wameelezwa yote yaliyotokea, ikiwemo kwamba akiba yetu ilikuwa tupu.

Nilipokwenda kibandani pamoja na fundi, tulikuta mitungi mitatu ya upande wa kulia imekwisha, na ya kushoto, tuliyodhani imejaa, imevuja kupitia washa iliyochakaa; maji ya sabuni yalitoa mapovu kwenye kiungo hicho. Kengele ya koridoni, ambayo ingetuonya kabla shinikizo halijafika sifuri, haikulia kwa sababu plagi yake ilikuwa imechomolewa na birika la chai kuchomekwa mahali pake. Kumtafuta aliyeichomoa hakutatusaidia. Soketi ile inahitaji kufungiwa kasha.

Kuhusu mtungi wa akiba, daftari la ukaguzi la asubuhi lina tiki na sahihi yangu. Niliuona upo mahali pake nikaandika kuwa uko tayari, bila kufungua valvu na kusoma geji. Naomba safu ya tiki ifutwe, na badala yake mkaguzi aandike namba aliyoisoma kila mtungi unapofunguliwa.

Washa imebadilishwa jana jioni na spana imefungwa kwa waya. Mitungi iliyojaa inatarajiwa kutoka Dodoma mjini kesho; hadi ifike na kupimwa, napendekeza upasuaji usio wa dharura uahirishwe, na wa dharura usianze kabla mitungi miwili ya akiba haijasomwa mbele ya daktari mpasuaji.

Mtoa huduma ya usingizi wa zamu