Tafsiri ya ujumbe wa fundi kuhusu gari lako, kwa ajili ya uamuzi wa kila kazi

Shangazi, shikamoo.

Fundi alimaliza kulikagua gari jana jioni akanitumia ujumbe mrefu kwa Kiingereza, nami nimeutafsiri hapa chini ili uamue mwenyewe kazi ipi ifanyike na ipi iachwe. Maneno ya fundi nimeyafuata bila kuyapunguza wala kuyaongezea makali. Pale ambapo ujumbe wake haukueleweka vizuri nilimpigia simu, na majibu yake nimeyatia chini ya kazi husika. Maoni yangu nimeyaanza kila mara kwa neno "Maoni", usije ukayachukua kuwa ni maneno yake. Bei zote ni za shilingi, na bei ya spea nimeitenga na ya ufundi, kwa kuwa yeye alikuwa ameziunganisha.

Fundi anaanza hivi: "Gari limetembea kilomita 148,000. Nimeliendesha, nimelinyanyua na kulipima kwa mashine. Uchunguzi huu ni 30,000, unalipwa hata kama mteja hatatengeneza chochote."

Kazi ya 1, breki za mbele. "Pedi zimebaki milimita 2. Disiki zina michirizi, na usukani unatikisika ukikanyaga breki ukiwa kwenye mwendo. Disiki zibadilishwe au zichongwe." Pedi ni 95,000, disiki mbili mpya ni 240,000 na ufundi ni 30,000, jumla 365,000. Kuchonga disiki za zamani ni 40,000, na kwa njia hiyo jumla inashuka hadi 165,000.

Kwa kuwa tofauti hiyo ni kubwa, nilimuuliza disiki zina unene gani sasa. Alizipima nikiwa kwenye simu, akasema zimebaki milimita 23.4, na kwamba kiwango cha chini kilichogongwa kwenye disiki zenyewe ni milimita 23. Alikiri kuwa michirizi ni mirefu kuliko nafasi iliyobaki, hivyo ikichongwa mpaka iishe disiki zitakuwa nyembamba kuliko inavyoruhusiwa. Maoni: kubali pedi pamoja na disiki mpya. Disiki nyembamba hupata moto haraka na huweza kupasuka, na hapa sioni sababu ya kubana matumizi.

Kazi ya 2, mafuta ya breki. "Yamekuwa meusi, na kipimo kinaonyesha yana maji. Yabadilishwe yote." Mafuta ni 25,000 na ufundi ni 15,000, jumla 40,000. Maoni: kubali. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita, na yakiwa na maji huchemka mapema, hasa kwenye mteremko mrefu, ukakanyaga pedali ikazama bila gari kushika.

Kazi ya 3, injini kumisi. "Mashine imetoa P0301. Nabadilisha koili moja na plagi zote nne." Namba hiyo maana yake ni kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa, lakini haisemi kwa nini: huenda ni koili, plagi, nozeli au hata mgandamizo wa injini. Ndiyo maana nilimuuliza amejuaje kuwa ni koili. Akanieleza kwamba aliitoa koili ya silinda ya kwanza akaiweka kwenye ya tatu, akafuta kumbukumbu ya mashine, akawasha gari, na safari hii ikasoma P0303. Hitilafu ilihama pamoja na koili, kwa hiyo koili ndiyo mbovu. Jibu hilo limeniridhisha kuliko jambo lolote jingine katika ujumbe wake.

Koili ni 110,000, plagi nne ni 100,000 na ufundi ni 20,000. Ukikubali koili peke yake utalipa 130,000, ukikubali na plagi utalipa 230,000. Maoni: kubali zote, kwani plagi zilizolika huilazimisha koili kufanya kazi zaidi, na picha alizonituma zinaonyesha ncha zimelika kweli. Tafadhali usiliache gari likaendelea kumisi, maana mafuta yasiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuharibu kichujio cha moshi, nacho ni ghali mno.

Kazi ya 4, taimingi belti na wota pampu. "Hakuna kumbukumbu ya lini belti ilibadilishwa. Ina nyufa ndogo pembeni. Wota pampu inavuja kidogo, kuna alama ya kulanti iliyokauka chini yake. Belti ikikatika, valvu zitagonga pistoni." Belti na tenshena yake ni 180,000 na ufundi ni 150,000, jumla 330,000. Pampu ni 140,000, kulanti mpya ni 45,000 na nyongeza ya ufundi ni 20,000 tu, kwa sababu pampu imekaa nyuma ya belti hiyo hiyo na sehemu kubwa ya kazi ni kufungua na kufunga. Kwa pamoja ni 535,000.

Nilimuuliza kama belti inaweza kungoja miezi michache. Alijibu kuwa hawezi kukuahidi. Maoni: hii ndiyo kazi ghali kuliko zote na najua itakuuma, lakini nakusihi uikubale yote. Ukibadilisha belti ukaiacha pampu, siku pampu itakapozidi kuvuja utalipa ule ufundi wa 150,000 upya, na belti mpya itakuwa imeloa kulanti.

Kazi ya 5, shokapu za nyuma. "Ya kushoto inavuja oili. Zibadilishwe zote mbili." Spea ni 260,000 na ufundi ni 50,000, jumla 310,000. Fundi amekubali kwamba kazi hii inaweza kusubiri mradi gari lisibebe mzigo mzito. Maoni: ahirisha.

Kazi ya 6, gesi ya kiyoyozi, 70,000. "Haipozi vizuri, niongeze gesi." Maoni: kataa kwa sasa. Mfumo huo umefungwa na gesi haiishi kwa kutumika, hivyo ikipungua kuna mahali inavuja, na yeye hajatafuta.

Kazi ya 7, kusafisha nozeli, 90,000. "Inapendekezwa." Hakutaja dalili yoyote wala kipimo. Maoni: kataa.

Fundi ameandika jumla ya 1,640,000, bila kuhesabu uchunguzi. Ukiuongeza ni 1,670,000. Ukikubali kazi ya 1 hadi ya 4 kama nilivyoeleza na kuacha tatu za mwisho, utalipa 1,200,000, uchunguzi ukiwemo.

Naomba unijibu kwa namba, kwa mfano "ya 1 ndiyo na disiki mpya, ya 3 koili tu, ya 5 hapana". Kazi usiyoitaja nitamwambia asiiguse. Nimekwisha kumwandikia kwamba akikuta ubovu mwingine baada ya kufungua, asimame na aulize kwanza, na kwamba spea zote zilizotolewa aziweke ndani ya buti uzione mwenyewe. Amekubali yote mawili kwa maandishi. Bei za spea atazishikilia hadi Ijumaa jioni, na baada ya kupata jibu lako atahitaji siku mbili kumaliza kazi nne za kwanza.

Mpwa wako