Muhtasari wa maelezo ya pande mbili kuhusu madema yaliyopotea usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 2024

Muhtasari huu umeandikwa na katibu wa kamati ya usimamizi wa uvuvi ya kijiji, Wilaya ya Kilwa, kutokana na maelezo yaliyochukuliwa kwa kila upande peke yake tarehe 10 Agosti 2024. Majina yamo katika daftari la kamati. Hapa wahusika wanatajwa kwa kazi zao, yaani mwenye madema na nahodha wa chombo kinachovua kwa wavu wa kuzungusha.

Pande zote mbili zinakubali kwamba usiku huo ulikuwa wa giza na bamvua, mkondo ulikuwa mkali, na chombo cha nahodha kilikuwa kikivua kwa taa upande wa mwamba wa nje. Zinakubali pia kwamba mabaharia walikata kamba tatu za madema, na kwamba alfajiri nahodha mwenyewe alifikisha maboya matatu pwani na kuyakabidhi mbele ya watu. Mwenye madema hakanushi makabidhiano hayo, na nahodha hakanushi kukata.

Wanapotofautiana kwanza ni mahali. Mwenye madema anasema mitego yake ilikuwa ndani ya mwamba, kwenye maji ya pima nane, ambako kwa desturi ya kijiji wavu wa kuzungusha hautupwi, na kwamba chombo kiliingia huko kwa kufuata samaki. Nahodha anasema aliutupa wavu nje ya mwamba, kwenye pima thelathini, na ni mkondo uliousukuma ndani kabla mabaharia hawajamaliza kuuvuta. Maelezo haya mawili hayapingani kwa kila jambo, kwa sababu wavu uliotupwa nje unaweza kuishia ndani. Linalobaki kati yao ni kama nahodha, akijua kuwa ni bamvua, alipaswa kutupa mbali zaidi au kuanza kuvuta mapema.

Kuhusu kukata kamba, nahodha anaeleza kwamba wavu ulinasa, chombo kikaanza kulala upande, na yeye akaamuru kamba zikatwe ili kuokoa watu. Anaongeza kuwa maboya yalikuwa ya rangi nyeusi na hayakuwa na alama ya kuonekana usiku. Mwenye madema anajibu kwamba palikuwa na nafasi ya kufungua wavu polepole, kwamba mitego yake imekuwa mahali hapo tangu kusi ilipoanza na wavuvi wote wanapajua, na kwamba siku ya Ijumaa aliwakumbusha mabaharia wawili wa chombo hicho. Nahodha anasema ujumbe huo haukumfikia. Mabaharia hao wawili bado hawajahojiwa, na kwa hiyo muhtasari huu hausemi kama taarifa ilitolewa au la.

Idadi ndiyo yenye ugumu zaidi. Mwenye madema anadai alikuwa na madema 15 kwenye kamba tano, matatu kwa kila kamba, na kwamba kukatwa kwa kamba tatu kumempotezea madema tisa. Nahodha anasema hakuona kilichokuwa chini na hawezi kukubali zaidi ya dema moja kwa kila kamba. Mjumbe wa kamati alizikagua kamba mbili zilizosalia na kukuta madema matatu kwenye kila moja. Ukaguzi huo unaeleza hali ya kamba hizo mbili. Hauthibitishi hali ya zile tatu zilizokatwa, wala haukanushi.

Mwenye madema anaomba alipwe shilingi 405,000, kwa hesabu ya shilingi 45,000 kwa dema, na hadai samaki ambao angewapata. Nahodha anasema yuko tayari kulipia madema matatu, yaani shilingi 135,000, lakini anaomba mwenye madema achangie shilingi 380,000 alizotumia kushona wavu uliochanika kwenye mitego hiyo. Mwenye madema anakataa kuchangia. Hakuna upande uliowasilisha stakabadhi, na viwango vyote vimeandikwa kama vilivyotajwa na wenyewe.

Kila upande utasomewa muhtasari huu peke yake, na unaweza kusahihisha maelezo yake hadi jioni ya tarehe 14 Agosti. Masahihisho ya upande mmoja yatasomwa kwa mwingine kabla ya kuingizwa. Katika kikao cha tarehe 17 Agosti kamati itawasikiliza kwanza mabaharia wawili waliotajwa, kisha mvuvi yeyote aliyeyaona madema hayo yakishushwa, na baada ya hapo ndipo itakapozungumzia malipo.