Barua kwa wafanyakazi: programu ya stoo inakuja, kazi zenu zinabaki

Tegeta, Dar es Salaam
5 Januari 2026

Kwa wafanyakazi wote wa duka na stoo,

YAH: KUANZA KUTUMIA PROGRAMU YA MAUZO NA STOO

Ndugu zangu, poleni na kazi, na heri ya mwaka mpya.

Najua maneno yamezunguka stoo tangu yule kijana wa programu alipokuja na kompyuta yake mwezi uliopita. Basi nisikieni mimi mwenyewe, tena kwa maandishi: hakuna atakayepunguzwa kazi wala kukatwa mshahara kwa sababu ya programu hii. Muuzaji wake aliniambia ningeweza kubaki bila watu wawili wa kaunta. Hajui duka hili linauza vipi. Mteja akiingia na kusema "nipe nondo za linta", kompyuta haitamuuliza nyumba ina ukubwa gani wala fundi wake ni nani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na akae na wafanyakazi kujadiliana. Mimi sielekei huko. Ahadi yangu itaandikwa kama nyongeza kwenye mkataba wa kila mmoja, nitaitia saini, na nakala mtakaa nazo. Haimfuniki mwizi wala mtoro, hilo mnalijua. Na biashara ikiyumba kwa sababu nyingine kabisa, nitawaita mapema kabla sijaamua lolote.

Kinachokuja ni laptopu moja, skana mbili za bakodi, printa ya lebo na betri ya akiba ya kutuvusha umeme ukikatika. Keshia akiskani, mali inapungua yenyewe kwenye hesabu ya stoo. Saruji ikikaribia kuisha, programu inatukumbusha kuagiza. Risiti ya EFD inaendelea kutolewa kama kawaida, msije mkadhani karatasi ya printa mpya inatosha.

Tutaanza na vitu vinavyohesabika kirahisi: saruji, rangi za makopo, vitasa, taa. Jumapili tarehe 1 Februari tutahesabu mali yote (siku hiyo italipwa kama kazi ya ziada na chakula kipo), na kesho yake tunaanza. Daftari la stoo halifungwi. Litaandikwa sambamba na kompyuta hadi mwisho wa Aprili. Hesabu zikikubaliana miezi yote mitatu, tutaongeza mabati na mabomba. Zisipokubaliana, tunasimama hapo hapo, na nikilazimika kurudisha programu, nitairudisha. Misumari na nyaya mtaziacha mwisho kabisa. Misumari tunainunua kwa katoni na kuiuza kwa kilo, nusu na robo. Mizani ikiinama kidogo kila mara, mwisho wa wiki kompyuta itaonyesha upungufu ambao hakuna mtu aliyeuiba.

Hapo ndipo najua hofu yenu kubwa ilipo, kuliko hata ya kufukuzwa. Mfuko wa saruji ukipasuka, bomba likikatwa vibaya, kopo la rangi likirudishwa na fundi, mashine itasema mali imepotea. Kwa hiyo kuanzia Februari kutakuwa na karatasi ya "mali iliyoharibika" pale mlangoni mwa stoo. Andika siku ile ile, mwenzako atie saini, yaishe. Katika miezi hii mitatu hakuna atakayekatwa hata shilingi kwa sababu ya tofauti iliyoonyeshwa na kompyuta peke yake. Tutakaa, tutahesabu upya kwa mikono, tutaulizana.

Madeni ya mafundi sitayaweka kwenye programu kwa sasa. Nani akopeshwe na nani aambiwe alipe kwanza ni uamuzi wa watu wanaofahamiana. Majibu ya bei ya kujituma yenyewe kwenye WhatsApp nayo yatasubiri, kwa sababu bei ya nondo ikibadilika asubuhi sitaki mteja aje na meseji ya usiku kutudai.

Mafunzo yatafanyika saa za kazi, Jumanne na Alhamisi mchana wateja wakipungua. Mzee wetu wa stoo, shikamoo: hutalazimishwa kushika kompyuta. Kijana mmoja ataskani, wewe utabaki kuwa neno la mwisho juu ya nini kimeingia na nini kimetoka. Muda utakaookolewa kwenye kuhesabu mwisho wa mwezi, ambao mnajua unavyotulaza saa nne usiku, nataka tuutumie kupeleka mizigo saiti. Wateja wengi wanatuomba hilo, na posho ya safari itakuwepo.

Tutakutana Jumamosi tarehe 10 saa mbili asubuhi kabla ya kufungua. Asiyependa kuuliza mbele ya watu aniandikie, au amwambie keshia mkuu anifikishie bila kutaja jina.

Mwajiri wenu,
Mama Upendo

Nakala: ubao wa matangazo, stoo