Boksi la Machungwa, Boksi la Maembe

Salimu alisimama mbele ya rafu ya vinywaji, boksi moja mkono wa kulia, jingine mkono wa kushoto. Hela aliyopewa na mama ilitosha kununua moja tu. Alikuwa ameikunja na kuikunjua njia nzima mpaka ikalainika.

"Mchagulie wewe," mama alimwambia alipokuwa akivaa viatu. "Mimi nikimsogezea kikombe anageuza uso. Tangu asubuhi amekojoa mara moja tu, Salimu. Lete kitu atakachokunywa."

Rehema alikuwa na miaka sita. Homa ilimshika usiku wa juzi, na kulipokucha mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda vidogo, kwenye ulimi, ndani ya mashavu, mpaka nyuma karibu na koo. Daktari alimtazama kwa kurunzi, akasema vidonda vya namna ile huisha vyenyewe baada ya siku kadhaa, na kwamba kazi ya watu wa nyumbani ni moja: mtoto asikaukiwe na maji mwilini. Anyweshwe kidogo kidogo, mara nyingi. Kuyasema hayo ni rahisi. Rehema alikuwa akimeza mate huku amefumba macho.

Boksi la kulia lilikuwa la machungwa. Mbele limeandikwa kwa herufi kubwa: JUISI HALISI 100%. Chini yake: Haikuongezwa sukari. Boksi la kushoto lilikuwa la maembe, na juu yake kachorwa kasuku wa kijani anayecheka. Rehema angempenda kasuku yule. Salimu alilijua hilo, na kwa sababu hiyohiyo akajihadhari. Kasuku hawezi kunyweka.

Akaligeuza boksi la maembe, akasoma maandishi madogo ya ubavuni. Maji, rojo ya embe (25%), sukari, asidi ya sitriki, vitamini C. Mwalimu wa sayansi aliwahi kuwaambia darasani kwamba viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi hutangulia. Kwa hiyo humu ndani maji ndiyo mengi kuliko yote, embe linafuata, kisha sukari. Ndiyo maana hawakuliita juisi. Waliliita kinywaji cha embe, kwa herufi ndogo, chini ya miguu ya kasuku, mahali ambapo mtu mwenye haraka hapaoni.

La machungwa lilikuwa na kiungo kimoja tu: juisi ya machungwa.

Hapo angeweza kwenda kulipa. Lakini jicho lake lilikuwa limekwishaangukia kwenye jedwali la virutubisho, na jedwali likamchanganya. Kwenye machungwa, sukari gramu 20. Kwenye maembe, gramu 12. Inawezekanaje lile lisiloongezwa sukari liwe na sukari nyingi kuliko lililoongezwa?

Akarudia kusoma, safari hii akianzia juu kabisa ya jedwali. Maembe walipima kwa mililita 100. Machungwa walipima kwa glasi moja, mililita 200. Akapiga hesabu kichwani: kumi na mbili mara mbili, ishirini na nne. Glasi kwa glasi, maembe yalizidi, ingawa si kwa kiasi alichokitarajia. Gramu nne. Zile ishirini za machungwa zilitoka kwenye tunda lenyewe, maana tunda nalo lina sukari yake, hata kama hakuna aliyetia kijiko.

"Samahani, mdogo wangu, nipite," mwanamke mmoja alisema, akisukuma kikapu cha magurudumu.

"Shikamoo," Salimu alisema, akajibana kwenye rafu.

"Marahaba. Unasoma hayo yote? Wengi tunachukua tu."

"Ni ya mgonjwa."

"Ooh. Pole. Basi mchukulie hilo la machungwa, lina vitamini. Mgonjwa na machungwa ndiyo mambo yake."

"Ahsante, mama."

Alisema vile kwa wema, na karibu kila mtu angesema hivyohivyo. Salimu alirudisha boksi la kasuku mahali pake. Akaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi ya lile la machungwa. Ilikuwa mbali bado. Akapapasa pande zake kuona kama limevimba, kwa sababu boksi lililovimba huwa na kitu kilichoanza kuchacha ndani. Halikuvimba. Akapiga hatua mbili kuelekea kaunta.

Ndipo kikamjia kipande cha chungwa cha jana jioni. Mama alikimenya vizuri, akatoa mbegu na nyuzi nyeupe, akamwekea Rehema mdomoni. Rehema hakulia kwa sauti. Alikitema mkononi, akajifunika shuka, na mabega yake yakawa yanatikisika chini ya shuka. Baadaye alisema, "Linaunguza, kaka."

Salimu alisimama katikati ya njia. Akalisoma tena lile boksi, kiungo kile kimoja. Asidi haikuandikwa popote. Haikuandikwa kwa sababu hakuna aliyeitia. Ilikuwa ndani ya chungwa tangu mtini. Maembe walikuwa wameitaja yao, ikiwa ya nne kati ya vitu vitano, na pengine ni kidogo. Lebo zote mbili zilikuwa zimesema kweli. Ila hakuna lebo iliyokiona kinywa cha Rehema, na yeye amekiona.

Alirudi kwenye rafu. Sukari ilimsumbua kidogo, lakini sukari inaweza kupunguzwa kwa maji. Uchachu wa chungwa ungehitaji maji mangapi mpaka usiunguze kidonda? Akachukua boksi la kasuku, akalipapasa kama alivyolipapasa lile jingine. La kwanza lilikuwa na kona iliyobonyea na unyevu unaonata, akaliacha, akavuta la nyuma yake. Zima. Tarehe nzuri.

Nyumbani mama alilipokea boksi na kulisoma akiwa amesimama.

"Embe asilimia ishirini na tano?" alisema. "Salimu, hayakuwepo ya juisi kamili?"

"Yalikuwepo ya machungwa."

"Sasa?"

"Chungwa la jana lilimuunguza, mama. Juisi yake itamuunguza vilevile. Hili tutalichanganya na maji, nusu kwa nusu. Na liwe la baridi."

Mama alimtazama kidogo, kisha akaenda kuchukua maji ya kunywa.

Rehema aliletewa kikombe akakiangalia kwa mashaka. Salimu alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshikia mrija, akamwelekeza auweke pembeni, mbali na kidonda kikubwa cha ulimi. Akavuta kidogo. Akasubiri. Ilionekana wazi anasubiri maumivu.

"Je?" mama aliuliza.

Rehema hakujibu. Alivuta tena, na safari hii koo lake likapanda na kushuka bila macho kufumbwa. Salimu alianza kuhesabu mafunda, akaacha alipoona kikombe kinaelekea kuisha. Daktari alisema kidogo kidogo, kwa hiyo akamwondolea mrija.

"Pumzika kwanza. Utapewa tena sasa hivi."

"Sasa hivi ni lini?" Rehema aliuliza, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mchana. "Na huyo kasuku mmemwacha wapi? Nileteeni nimwone."